Kumgeuza na kumhamisha mgonjwa wa kitandani bila kuua mgongo wako, namna tunavyofanya kwa mama

Mgongo wangu umekamata mara tatu ndani ya mwaka mmoja na mara zote tatu ilikuwa asubuhi, saa kumi na mbili na kitu, nikimvuta mama apande juu kwenye mto. Mama alipata kiharusi, upande wa kulia umepooza mkono na mguu, ana kilo 74, mimi nina 58. Ile mara ya tatu nilibaki nimeinama hivyo hivyo mikono iko chini ya kwapa zake, kunyooka siwezi, kumwachia siwezi, ikabidi nimwite wifi yangu aliyekuwa anakoroga uji jikoni, akaja mbio na mwiko mkononi.

Baada ya hapo tukamwita dada mmoja wa mazoezi ya viungo aje nyumbani. Akakaa kwenye stuli akaniangalia namgeuza mama kama dakika tano hivi, hakusema kitu, alafu akaniuliza, "We dada, nani kakwambia ubebe?" Nikamwambia sasa nisipobeba atasogeaje. Akacheka. Kumbe kazi yote ya mgonjwa wa kitandani unaweza kuifanya kwa kuteleza, kuviringisha na kuegemea, na kunyanyua kabisa hakumo, au kama kumo ni kwa watu wawili na zaidi.

Akanipa hesabu moja ambayo mpaka leo ndo inanizuia nikijisikia shujaa. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani wa usalama kazini, NIOSH, walitoa pendekezo kwamba mtu anayehudumia wagonjwa asinyanyue kwa mikono zaidi ya kama kilo 16, na hiyo ni pale mgonjwa ametulia, uko karibu naye, hujapinda wala hujainama. Sasa mguu mmoja mzima wa mtu ni kama asilimia 16 ya uzito wake, kwahiyo mguu mmoja wa mama peke yake unakaribia kilo 12. Yani ukishika miguu yote miwili ushapita hapo, na bado hujagusa kiwiliwili.

Kitanda kwanza

Kitanda chetu kilikuwa kimebanwa ukutani ili mama asianguke, na ni kile cha futi tano kwa sita. Maana yake kila nikitaka kumgeuza nainama, nanyoosha mikono mpaka katikati ya kitanda, alafu navuta huku kiuno kimepinda. Kuinama, kufika mbali na kujipinda kwa pamoja ndo kunakoua mgongo, hata kama unachovuta ni kidogo. Tukatoa kitanda ukutani, sasa napita pande zote mbili. Baadaye tukabadilisha tukaweka cha futi tatu na nusu, na kama una uwezo huo fanya mapema, kitanda kipana ni adui wa anayehudumia.

Urefu wa kitanda una mtego wake. Watu watakwambia kipandishe mpaka usawa wa nyonga zako, na kweli kwa kugeuza na kubadilisha pampasi hapo ndo mgongo unapumzika. Lakini kama mgonjwa wako bado anaweza kukanyaga hata kwa mguu mmoja ukimsaidia, kitanda kirefu kitamnyima nafasi ya kusimama, miguu itaning'inia na atateleza. Mama anakanyaga na mguu wa kushoto, kwahiyo chetu tumekiacha sentimita 50 kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro, akikaa pembeni nyayo zote zinagusa chini. Mimi ndo najirekebisha: nikimgeuza napandisha goti moja juu ya godoro, mguu mwingine uko chini, hapo mgongo unanyooka na nakuwa karibu naye. Kama wako hakanyagi kabisa, basi pandisha. Mwambie seremala akutengenezee vigogo vinne vyenye shimo juu ambamo mguu wa kitanda unaingia, usipange matofali tu, siku ukisukuma kitanda kinashuka na mtu juu.

Shuka ya kuvutia

Hii ndo imebadilisha maisha yangu. Chukua shuka nzito ya pamba, ikunje mara mbili, iweke kwa upana juu ya shuka ya kawaida ili ianzie kwenye mabega ya mgonjwa mpaka katikati ya mapaja, na pande zote mbili ibaki ya kushika. Kanga moja usijaribu, inachanika, na itachanika katikati ya kuvuta. Kitenge kizito kinafaa kidogo, shuka inafaa zaidi. Kuiingiza ni hivi: mgeuze mgonjwa ubavu, viringisha nusu ya shuka iwe kama bomba, ibane nyuma ya mgongo wake, mgeuze upande wa pili juu ya hilo bomba, alafu ifungue na uinyooshe vizuri maana mikunjo inakula ngozi.

Mtu anavutwa kwa shuka, havutwi kwa mkono wala kwapa. Kwa aliyepooza hili ni la kukazia, kwa sababu bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishikilia, ukivuta mkono mfupa unatoka kidogo kidogo kwenye kiungo na hilo bega litauma miezi. Mama alishalalamika sana bega la kulia nikadhani ni kiharusi, kumbe ni mimi.

Pia kuna nailoni. Ukinunua godoro jipya lile nailoni lake gumu usitupe, kata kipande cha kama mita moja kwa mita mbili, kikunje katikati upate tabaka mbili zinazoteleza zenyewe kwa zenyewe. Linaingia chini ya shuka ya kuvutia wakati wa kumsogeza tu, alafu LINATOKA. Ukiliacha atatoka jasho, ngozi italowa, na akijaribu kujigeuza anaweza kuteleza mpaka chini. Usilitupe sakafuni pia, nilishakanyaga mara moja nikaona nyota.

Kumgeuza

Tuseme mama yuko chali na nataka alale ubavu wa kushoto, yani upande mzima. Nikimgeuza hapo alipo ataishia ukingoni, kwahiyo kwanza lazima arudi nyuma kidogo. Naenda upande wake wa kulia, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, nashika shuka karibu na mwili wake, moja usawa wa bega moja usawa wa nyonga, viwiko vimebana mbavuni mwangu. Alafu sivuti kwa mikono, nahamisha uzito kutoka mguu wa mbele kwenda wa nyuma, kama mtu anayekaa kwenye kiti. Mwili wangu ndo unamvuta. Anasogea inchi nne tano, inatosha. Naweka mto mkubwa ukingoni hapo upande wa kulia na kiti kimeegemea kitanda, ndo nazunguka.

Sasa niko upande wa kushoto, upande anakogeukia. Hii ni muhimu: mgeuze aje kwako, usimsukume aende ng'ambo, ukimsukuma na hakuna mtu kule hujui atasimama wapi. Namwambia, "Mama nakugeuza uje kwangu, niangalie." Kichwa kinageuka kwanza. Mkono wake wa kushoto nautoa pembeni kidogo usilaliwe, ule wa kulia uliopooza naulaza juu ya kifua kwa kuushika kiwiko na kiganja, siuvuti. Alafu nakunja goti la kulia mpaka unyayo ukae juu ya godoro.

Hapo kwenye goti ndo siri yote. Goti lililokunjwa ni kama mpini, ukilivuta chini kuja kwako nyonga zinafuata zenyewe na nyonga ndo nzito. Nakunja goti langu juu ya kitanda, mkono mmoja kwenye goti lake, mwingine nyuma ya bega kwenye mfupa wa bapa, nahesabu moja mbili tatu, nahamisha uzito nyuma, anaviringika. Mara ya kwanza nilivyofanya sikuamini, nilimaliza nikauliza basi? Mama mwenyewe akasema, "Afadhali mwanangu, ulikuwa unaniburuza kama gunia la mkaa."

Usimwache amelala ubavu kamili kama kisu, uzito wote unakaa kwenye mfupa wa nyonga. Mrudishe nyuma aegemee mto nyuma ya mgongo, abaki ameinuka kama theluthi moja tu ya njia kutoka chali. Mto mwingine katikati ya magoti na mwingine mdogo chini ya miundi ili visigino vielee hewani. Akilalia upande uliopooza, ingiza mkono chini ya bega la chini ulisogeze mbele kidogo asililalie moja kwa moja.

Utaratibu wa kawaida ni kila masaa mawili, na ukigeuza angalia ngozi pale alipotoka kulalia: juu ya makalio, nyonga, visigino. Kwa ngozi zetu nyeusi usisubiri kuona wekundu, mara nyingi hauonekani. Tafuta sehemu iliyokolea weusi zaidi au kubadilika rangi kuwa kama zambarau, alafu gusa kwa nyuma ya kiganja, kama ni pa moto au pagumu au laini kuliko pembeni, hapo pameanza. Usipasugue, mwondoe uzito hapo na umwonyeshe nesi.

Kumpandisha juu kwenye mto

Hii ndo iliyoniumiza mara tatu kwahiyo naiandika kwa uchungu. Mgonjwa akiegemezwa mito ameinuka anateleza kushuka kidogo kidogo, baada ya saa kidevu kiko kifuani, na wewe unaona lazima umvute.

Kwanza laza mito yote, mgonjwa awe flati. Ukimvuta akiwa ameinuka unapandisha mlima bure. Mto mmoja uegemeze kwenye ubao wa kichwani ili asigonge kichwa. Ingiza nailoni chini ya shuka. Alafu mgonjwa afanye anachoweza: mama namkunja mguu wa kushoto, anakanyaga godoro, nikisema tatu anasukuma na makalio yanapungua uzito. Huo msukumo wake mdogo una thamani kuliko misuli yangu yote.

Mkiwa wawili ni rahisi, mmoja kila upande, mnaangalia kichwani, mguu wa upande wa kichwani mbele, mnashika shuka, mnahamisha uzito wote kwa pamoja. Asiwepo wa kunyanyua. Shuka isiachane na godoro, inateleza tu. Wifi alikuwa na tabia ya kuinua juu kidogo "ili imsaidie", nikamwambia wifi hapo ndo mgongo wako unapoandikwa kwenye daftari.

Ukiwa peke yako usijaribu kumpandisha moja kwa moja. Fanya kwa vipande, mshazari: uko upande mmoja usawa wa bega lake, vuta kona ya juu ya shuka kuja kwako na kuelekea kichwani, mabega yanasogea. Alafu wewe teremka mpaka usawa wa nyonga zake, vuta hivyo hivyo. Miguu ifuate, mmoja mmoja. Zunguka upande wa pili rudia. Anapanda kwa zigizaga, inchi tatu tatu. Inachukua dakika nne badala ya sekunde kumi, na hizo sekunde kumi mimi nilizilipia wiki mbili za kulala sakafuni.

Kupunguza kazi yenyewe, kabla hujamwinua kichwa weka mto chini ya magoti yakunjike. Magoti yakitangulia, makalio hayana pa kutelezea. Tulivyoanza hivyo, kumpandisha kumetoka mara sita kwa siku mpaka mara mbili.

Kumkalisha na kumpeleka kwenye kiti

Kiti kinawekwa upande wake mzima, kwa mama ni kushoto, kimeinama kidogo kuelekea kitandani karibu kigusane. Wilichea breki zote mbili, vile vya kukanyagia vikunjwe. Kiti cha plastiki usitumie kama hakijaegemea ukuta, kinarudi nyuma yeye akiwa hewani. Miguu ivae raba au kandambili zenye mkanda nyuma, soksi peke yake hapana.

Kumkalisha, mgeuze ubavu kwanza akuangalie. Shusha miguu ukingoni, na hapo ile miguu inaposhuka uzito wake unainua kiwiliwili kama mizani ya dukani, wewe mkono mmoja uko nyuma ya bega la chini unaongoza tu huku yeye anasukuma kwa kiwiko kizima. Akishakaa, subiri. Dakika moja au mbili, miguu chini, muulize kizunguzungu. Mama siku moja macho yaligeuka nikiwa nishaanza kumsimamisha, tangu hapo nasubiri mpaka aongee vizuri.

Kabla ya kusimama nafunga kitenge kilichokunjwa mara kadhaa kama mkanda chini kabisa kwenye nyonga zake, fundo mbele, na hapo ndo nashikilia, kwa nyuma. Yeye asinishike shingoni. Hii najua ni ngumu maana mtu akiogopa anakumbatia, lakini akilegea hapo shingo na kiuno chako vinabeba mtu mzima. Mkono wake mzima anaweka kwenye mkono wa kiti au anasukuma godoro.

Nasimama mbele yake, magoti yangu yamekunjwa, la kwangu moja limezuia goti lake la kulia lile legevu lisichomoke mbele. Nyayo zake nimezirudisha nyuma ya magoti. Namwambia, "Pua ipite vidole vya miguu." Akiinama hivyo mbele makalio yananyanyuka yenyewe. Ukiona unamvuta juu na bado kiwiliwili chake kimelala nyuma, mrudishe akae, anzeni upya. Tunayumba mara mbili, ya tatu tunasimama, nusu tu inatosha, alafu tunageuka kwa hatua ndogo ndogo, na mimi nahamisha miguu, sijipindi kiuno. Akigusa kiti kwa nyuma ya miguu ndo anashuka taratibu.

Kipimo cha kama njia hii inamfaa: je anaweza kukaa ukingoni bila kushikwa kwa dakika moja, anafuata maelekezo, na mguu mmoja unabeba uzito? Kama moja hakuna, usifanye peke yako. Siku mama akiwa na homa au hakulala, hakuna kiti, anakula kitandani.

Akianza kuanguka

Usimdake. Najua roho inakwambia udake. Mvute karibu kwa ule mkanda wa kitenge, tanua miguu, kunja magoti, mwache ateleze kwenye paja lako mpaka sakafuni huku unalinda kichwa. Ilitutokea mwezi wa Ramadhani, nipo mwenyewe, goti lake likalegea tu. Alikaa chini kama mtu aliyeketi mkekani.

Akishakuwa chini hakuna haraka tena. Muulize anaumwa wapi, angalia kama mguu mmoja umekuwa mfupi au umegeukia nje, kama kagonga kichwa au hawezi kusogeza nyonga usimnyanyue, tafuta usafiri wa hospitali na watu. Kama yuko salama mpe mto na shuka, kaa naye, ita majirani. Sisi tuliita vijana wanne wa bodaboda pale kijiweni, tukamviringisha juu ya blanketi zito, wawili wawili kila upande wakiwa wamekunja kingo mpaka karibu na mwili wake, wakapiga magoti, wakanyanyuka kwa miguu kwa hesabu moja. Mimi nilishika kichwa tu.

Na mgongo wako ukikamata

Siku ya kwanza punguza, ila usilale kitandani siku tatu, misuli inakaza zaidi. Tembea ndani ya nyumba, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo, na kazi ya kumgeuza mama apewe mtu mwingine hizo siku hata kama ni jirani unamwonea aibu. Maumivu yakishuka mguuni mpaka chini ya goti, au mguu ukifa ganzi, nenda ukapimwe. Na kuna dalili ambazo haziongojei kesho: ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja pale unapokalia, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, choo kutoka bila kujua, miguu kuishiwa nguvu. Hapo mishipa ya fahamu chini ya uti imebanwa, unaenda hospitali usiku huo huo.

Usiku ndo bado hatujaumaliza vizuri. Masaa mawili mawili mpaka asubuhi mtu mmoja hawezi, kwahiyo tumegawana: wifi anamgeuza saa nne na saa sita, mimi saa nane na saa kumi, na mto wa magoti hautoki hapo usiku kucha.